Katalesi, Koagulesi na Oksidesi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Mezani

Vipimo hivi vitatu havihitaji mashine ghali. Chupa ya peroksaidi, mrija wa plazma, kipande cha karatasi ya kuchujia, na mara nyingi ndani ya dakika chache unajua unashughulika na ukoo gani wa bakteria. Ndiyo maana watu huvidharau. Nimekaa kwenye benchi la bakteriolojia miaka ya kutosha kuona kwamba majibu mengi mabaya hayatokani na kipimo kigumu. Yanatoka hapa. Peroksaidi haijui bakteria. Inajua katalesi tu, na katalesi imo pia kwenye chembe za damu. Kipimo kinajibu kuhusu chochote ulichokiweka mbele yake, iwe ni bakteria, damu, chuma, chumvi au sukari. Kazi yako ni kuhakikisha umeweka bakteria peke yake.

KABLA YA KUFUNGUA CHUPA YOYOTE: FANYA

Paka rangi ya Gram kwanza. Kila koloni, kila siku, hata ile unayodhani unaijua kwa macho. Vipimo hivi vina maana kwa bakteria ambaye umbo lake limeshajulikana. Ukiona viduara vya zambarau, uliza katalesi: wakitoa povu mara nyingi ni stafilokokasi, wasipotoa ni streptokokasi au enterokokasi. Stafilokokasi ndio wanaoulizwa koagulesi. Ukiona wekundu, wawe vijiti au viduara, uliza oksidesi. Huo ndio mlolongo, na kila hatua inailinda inayofuata.

Niliwahi kuitwa kuangalia pleti ya maji ya uti wa mgongo ya mtoto mchanga. Koloni ndogo za kijivu kwenye agari ya damu, zimezungukwa na utepe mwembamba uliong'aa pale damu ilipoyeyushwa. Kijana aliyekuwa zamu alikuwa ameshaandika kwenye rejista: streptokokasi wa kundi B. Hakupaka rangi, hakudondosha peroksaidi. "Nimeziona nyingi za namna hii," aliniambia. Nilipopaka rangi nikakuta vijiti vifupi vya zambarau. Nilipodondosha peroksaidi, povu lilifumka mara moja. Ilikuwa listeria. Tofauti hiyo si ya kwenye karatasi, kwa maana mtoto alikuwa kwenye seftriaksoni, dawa ambayo haimsumbui listeria hata kidogo. Anachohitaji ni ampisilini. Tone moja la peroksaidi, ambalo ni la bei rahisi kuliko karatasi ya majibu, lingesema hayo mapema.

Tumia koloni za saa 18 hadi 24. Bakteria aliyezeeka kwenye pleti hupoteza katalesi yake na anakuwa mgumu kusomeka katika vipimo vyote vitatu. Pleti ya Ijumaa haisomwi Jumatatu. Otesha upya, ngoja siku moja.

USIFANYE

Usichukue koloni kwenye pleti iliyochanganyika kwa sababu daktari anapiga simu. Sudomonasi kidogo tu waliojificha chini ya koloni ya E. koli watakupa oksidesi chanya, na utaondoka na bakteria ambaye hayupo duniani. Tenganisha, otesha, soma kesho. Mwambie daktari hivyo.

Usidondoshe peroksaidi mezani kwenye koloni ndogo mno, zilizochukua siku mbili au tatu kutokea kwenye damu ya mgonjwa mwenye homa isiyoisha, hasa kama ni mfugaji au anakunywa maziwa mabichi, na rangi ya Gram inaonyesha vijiduara-vijiti vidogo vyekundu kama vumbi la mchanga. Huyo anaweza kuwa brusela. Katalesi yake ni chanya na povu lake hurusha matone madogo hewani, nawe ndiye unayeyavuta. Brusela ni miongoni mwa vimelea vinavyoambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi. Funga pleti kwa utepe, peleka kwenye kabati la usalama, mjulishe msimamizi. Wala usinuse pleti. Najua wakubwa wetu walitufundisha kunusa. Walikosea.

KATALESI: FANYA

Weka koloni kwanza kwenye slaidi kavu, kisha dondosha peroksaidi ya asilimia 3 juu yake. Kwa mpangilio huo kifaa chako hakigusani na peroksaidi kabisa. Weka slaidi ndani ya pleti tupu na ufunike mara tu unapodondosha, usome kupitia kifuniko. Unachotafuta ni povu linalofumka mara moja, kwa nguvu, kama soda iliyofunguliwa. Hiyo ni oksijeni inayotoka peroksaidi inapovunjwa kuwa maji.

Tumia kijiti cha mbao au lupu ya plastiki. Waya wa nikromu una chuma ndani yake, na chuma chenyewe huifanya peroksaidi itoe mapovu hata bila bakteria. Kama huniamini, choma waya wako, uache upoe, uuchovye kwenye tone la peroksaidi utazame.

Chukua koloni kutoka juu, kwa kugusa tu, kama mtu anayechota ute wa yai bila kugusa kiini. Hili ndilo kosa linalofanywa na kila mtu anayeanza. Chembe nyekundu za damu zina katalesi yao wenyewe, nyingi. Kijiti kikizama kwenye agari ya damu, kipande cha agari kinakuja nacho, na streptokokasi wako anageuka kuwa stafilokokasi mbele ya macho yako. Ukiona povu dogo linalotoka kwa kuchelewa, na chembe nyekundu zimeonekana kwenye tone, futa, anza upya. Bora zaidi, mwoteshe kwenye agari isiyo na damu, umpime huko.

USIFANYE

Usiweke chupa ya peroksaidi dirishani. Nimeikuta hapo katika maabara tatu tofauti, kwenye chupa ya kioo cheupe, juani, kwa sababu pale ni karibu na mkono. Mwanga na joto huivunja peroksaidi polepole hadi unabaki na maji. Kisha stafilokokasi hatoi povu, unaandika streptokokasi, na ukoo mzima unapotea. Chupa ya rangi ya kahawia, ndani ya jokofu, na kifuniko kimefungwa.

Usisome povu hafifu kama jibu chanya. Baadhi ya enterokokasi wana kimeng'enya kinachofanana na katalesi ambacho hutoa viputo vichache, vya uvivu, baada ya kusubiri. Ukijikuta umeinamisha kichwa ukitafuta viputo, jibu ni hasi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Usianze siku bila kupima chupa yenyewe. Stafilokokasi aureus wa ATCC 25923 lazima afumke, enterokokasi wa ATCC 29212 lazima atulie. Kama huna hao wa kununua, tunza wa kwako uliothibitisha. Dakika mbili asubuhi.

KOAGULESI: FANYA

Hapa nakaa zaidi, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Stafilokokasi aureus anaua: anaozesha mifupa, anakula vali za moyo. Ndugu zake wasio na koagulesi mara nyingi ni wakazi wa ngozi walioingia kwenye chupa ya damu kupitia sindano. Ukimwita aureus "hasi", daktari atasoma "uchafu wa ngozi" na atasimamisha dawa.

Fahamu kwanza kwamba unapima vitu viwili tofauti. Kwenye slaidi unatafuta koagulesi iliyoshikamana na ukuta wa bakteria. Inanasa fibrinojeni ya plazma, na bakteria wanagandamana vikundi kwa sekunde. Kwenye mrija unatafuta koagulesi inayotoka nje ya bakteria. Inajishika na prothrombini iliyomo kwenye plazma, na hiyo inageuza fibrinojeni kuwa fibrini, yaani bonge. Bakteria anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Takriban aureus mmoja kati ya kumi, wakati mwingine zaidi, hagandi kwenye slaidi.

Kwenye slaidi, weka matone mawili ya maji ya chumvi. Vuruga koloni katika yote mawili mpaka yawe mazito kama maziwa. Angalia kabla ya kuongeza chochote: kama yameshaganda yenyewe, bakteria huyu hafai kwa slaidi, nenda kwenye mrija. Kama yako laini, ongeza plazma kwenye tone moja, tikisa slaidi taratibu, soma ndani ya sekunde 10. Tone la pili, lisilo na plazma, ndilo shahidi wako. Mtu anayeacha tone la pili ili kuokoa muda ameokoa sekunde tano na kupoteza kipimo.

Slaidi ikiwa hasi, fanya mrija. Siyo "ukipata nafasi". Mililita 0.5 ya plazma, koloni kadhaa zimevurugwa humo, kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Andika saa ya kuanza kwenye mrija wenyewe, kwa kalamu isiyofutika. Soma baada ya nusu saa, saa 1, saa 2 na saa 4. Inamisha mrija polepole kama unayemimina mafuta ya taa kwenye chupa ndogo. Bonge la kiasi chochote, hata lililo laini kama uji, ni chanya. Punje punje zinazoelea zisizoshikamana si bonge.

Nieleze kwa nini nasisitiza hizo saa. Kulikuwa na mtoto wa miaka minane, paja limevimba, hawezi kusimama, homa siku ya sita. Chupa ya damu ikaota. Viduara vya zambarau mafungu mafungu, katalesi ilifumka vizuri. Slaidi ya koagulesi ilikuwa hasi. Mteknolojia alifanya sawa: akaweka mrija. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, akauacha kwenye inkubeta, akaenda nyumbani. Asubuhi saa mbili akauinamisha, plazma ikatiririka kama maji. Akaandika: stafilokokasi asiye na koagulesi, huenda ni uchafu wa ngozi. Kloksasilini ikasimamishwa wodini siku hiyo.

Siku mbili baadaye daktari wa upasuaji alituletea usaha kutoka kwenye mfupa wa paja lile lile. Uliota koloni za namna ile ile. Safari hii niliweka mrija mwenyewe saa nne asubuhi na kukaa nao. Saa tano hakuna kitu. Saa sita mchana bonge zuri, limekaa chini ya mrija bila kutikisika hata nilipoulaza. Nikauacha makusudi. Asubuhi iliyofuata ulikuwa maji matupu.

Stafilokokasi aureus wengi hutengeneza pia stafilokinesi, kimeng'enya kinachoamsha plazminojeni iliyomo kwenye plazma iwe plazmini, na plazmini huyeyusha fibrini. Bakteria anajenga bonge, kisha analibomoa. Ukisoma asubuhi peke yake, unasoma magofu. Ndiyo maana usomaji wa saa 4 za mwanzo hauna mbadala. Ikiwa hasi baada ya saa 4, uuache kwenye joto la kawaida la chumba hadi saa 24 kamili, maana wapo wachache wanaochelewa. Usiuache kwenye inkubeta, kwani joto la mwili linaharakisha kuyeyuka huko. Na kama umepokea sampuli alasiri na huwezi kukaa saa 4, anza mrija kesho asubuhi. Andika "koagulesi inaendelea". Daktari anaweza kuvumilia neno hilo. Hawezi kujikinga na jibu la uongo.

Mtoto yule alirudishiwa dawa na akafanyiwa upasuaji. Anachechemea mpaka leo.

USIFANYE

Usitumie plazma ya binadamu iliyokwisha muda wake bila kuipima. Najua kwa nini inatumika: plazma ya sungura yenye EDTA inauzwa ghali, inachelewa bandarini, na benki ya damu iko chumba cha pili. Lakini plazma ya binadamu inaweza kuwa na kingamwili zinazozuia koagulesi, fibrinojeni yake inaweza kuwa imechakaa, na inaweza kubeba virusi vya homa ya ini au UKIMWI. Ukilazimika, chukua iliyopimwa magonjwa hayo, igawe kwenye mirija midogo na uigandishe, na kila fungu jipya lijaribu kwa aureus unayemjua na kwa stafilokokasi epidemidisi unayemjua. Aureus asipoganda ndani ya saa 4, mwaga fungu zima.

Wala usiamini plazma ya sitreti na bakteria usiyemjua ukoo. Plazma ya benki ya damu haigandi kwa sababu sitreti imeshika kalsiamu yake. Enterokokasi fulani hula sitreti. Wakiila, kalsiamu inaachiliwa na plazma inaganda yenyewe, bila koagulesi yoyote. Nimeona enterokokasi wa mkojo akiitwa aureus kwa njia hii. Aliyefanya hivyo aliruka katalesi. Sasa unaona kwa nini mlolongo haurukwi.

Usifanye slaidi kwa koloni zilizotoka kwenye agari ya manitoli na chumvi. Chumvi ile nyingi huwafanya bakteria wagandamane wenyewe. Otesha kwenye agari ya damu au ya kawaida kwanza.

Usitikise mrija kuangalia kama umeganda. Bonge changa likivunjwa linaweza lisijikusanye tena, na utasoma hasi kitu ambacho dakika moja iliyopita kilikuwa chanya. Nimewapiga vidole watu wazima kwa hili.

Usidhani chanya inamaliza kila kitu. Kidonda cha kuumwa na mbwa kinaweza kukupa stafilokokasi wa mbwa anayegandisha mrija sawasawa na aureus. Kwenye slaidi, stafilokokasi lugdunensisi huganda ingawa mrija wake ni hasi, naye huharibu vali za moyo kama aureus. Na hasi nayo haimaanishi uchafu: stafilokokasi saprofitikasi hana koagulesi, lakini ndiye anayewachoma mkojo wasichana na wanawake vijana. Msome mgonjwa kwenye fomu ya maombi kabla ya kuandika neno "uchafu".

OKSIDESI: FANYA

Dondosha kitendanishi kwenye karatasi ya kuchujia mpaka ilowe tu, isitiririke. Chukua koloni kwa kijiti cha mbao au lupu ya plastiki, sugua juu ya karatasi, hesabu kwa sauti. Zambarau iliyokolea ndani ya sekunde 10 ni chanya. Baada ya hapo uwe na shaka, na baada ya sekunde 60 usitazame tena, kwa sababu kitendanishi hicho hugeuka zambarau chenyewe kikikutana na hewa. Karatasi iliyoachwa mezani nusu saa ni chanya kwa kila bakteria duniani, na hata kwa karatasi yenyewe.

Njia hii ya karatasi ilitolewa na Kovacs mwaka 1956 kwa ajili ya kumtambua sudomonasi, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake kubwa wodini. Vijiti vyekundu visivyo na oksidesi vinakuelekeza kwa ukoo wa E. koli, klebsiela na salmonela, au kwa asinetobakta. Wenye oksidesi ni sudomonasi, vibrio, aeromonasi. Nao neiseria, viduara vyekundu vya kisonono na vya uti wa mgongo, wote wana oksidesi.

Tengeneza kitendanishi kidogo, asilimia 1, cha kutumika siku hiyo. Maji yawe safi yasiyo na rangi. Kikigeuka samawati chupani, mwaga. Ukitaka kutunza, gawa matone kwenye vichupa na ugandishe gizani. Vaa glavu: kinatia doa ngozini na si kitu cha kuchezea.

USIFANYE

Usichukue koloni kwenye pleti yenye sukari iliyochacha. Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndivyo kipindupindu kinavyokimbia maabara.

Choo cha maji maji kama maji ya mchele kinaletwa. Unakiweka kwenye maji ya peptoni ya alkali, baada ya saa 6 unachota juu na kuotesha kwenye agari ya TCBS. Kesho yake pleti ya kijani imejaa koloni za njano, bapa, zinazong'aa. Njano hiyo ni asidi: vibrio wa kipindupindu amechachisha sukari ya miwa iliyomo kwenye agari. Mteknolojia mwenye haraka anachukua koloni moja ya njano, anasugua kwenye karatasi, anahesabu hadi 10. Hakuna kitu. "Si vibrio," anaandika, na timu ya wilaya inarudisha maji ya klorini stoo.

Asidi ile ile iliyogeuza pleti kuwa njano ndiyo iliyozuia oksidesi. Bakteria anacho kimeng'enya, ila umempima akiwa amelowa asidi. Hali ni hiyo hiyo kwenye agari ya MacConkey kwa koloni za waridi.

Kwa hiyo fanya hivi. Gusa koloni moja ya njano katikati, hamishia kwenye agari ya kawaida isiyo na sukari, iache kwenye nyuzi 37. Kwa saa 5 au 6 mara nyingi zinaota za kutosha kupima, lakini nikiwa na nafasi nangoja usiku mzima. Kutoka hapo sugua kwenye karatasi. Vibrio atakolea zambarau kabla hujafika tano. Kisha chukua koloni nyingine, vuruga kwenye tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5. Inua lupu. Kama mchanganyiko unavutika kama ute wa bamia, una kila sababu ya kuendelea na kinga-seramu ya O1. Oksidesi peke yake haikupi kipindupindu, kwani aeromonasi naye ana oksidesi na wakati mwingine huota njano. Lakini koloni ya njano iliyosafishwa na kupimwa vizuri ikawa hasi, huyo si vibrio wa kipindupindu, mara nyingi ni proteasi au mwingine wa utumbo, na unaweza kumwacha.

Usitumie waya wa nikromu hapa pia. Chuma huoksidisha kitendanishi na kukupa zambarau ya bure. Waya ule ule uliokudanganya kwenye katalesi unakudanganya tena hapa.

Usimwage kitendanishi juu ya pleti nzima ya agari ya chokoleti kumtafuta neiseria, halafu ukaenda kunywa chai. Njia hiyo inaonyesha koloni zipi ni chanya, ni kweli, lakini kitendanishi kinaua. Koloni zikishageuka nyeusi hakuna kinachoota tena. Ukilazimika kuitumia, kijiti kiwe mkononi tayari na pleti mpya imefunguliwa, uhamishe koloni mara tu inapoanza kuwa ya waridi. Kama ni maji ya uti wa mgongo na una koloni nne tu kwenye pleti, usithubutu. Gusa nusu ya koloni moja, peleka kwenye karatasi, na zile tatu na nusu zibaki hai kwa ajili ya kupima dawa.

Usiandike "chanya" au "hasi" peke yake kwenye rejista. Andika koloni ilitoka kwenye agari gani, ilikuwa ya saa ngapi, kipimo kilisomwa baada ya muda gani, na bakteria wa kudhibiti walisemaje asubuhi hiyo. Kwa upande wa oksidesi, sudomonasi wa ATCC 27853 lazima akolee na E. koli wa ATCC 25922 lazima abaki bila rangi. Wiki mbili zilizopita nilifungua rejista ya zamani kutafuta kwa nini wodi moja ilionekana kuwa na mlipuko wa sudomonasi mwezi mzima. Mbele ya kila mgonjwa paliandikwa "oksidesi chanya". Safu ya udhibiti ilikuwa tupu siku zote isipokuwa moja, na siku hiyo paliandikwa kwa penseli: E. koli chanya pia. Hakuna aliyesimama kuisoma.